Gesi au Mkaa? Namna ya Kupima Mwezi Mmoja wa Mapishi kwa Familia ya Watu Watano

Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Tangu hapo habari za gesi zimekuwa nyingi, lakini swali la anayeshika pesa ya matumizi ya nyumbani limebaki palepale: kwa mwezi, kipi kinakula pesa zaidi, mtungi au mkaa?

Majibu ya mtaani hayasaidii, maana kila mtu analinganisha vitu visivyolingana. Mmoja anatazama shilingi 25,000 za kujaza mtungi mdogo, anazilinganisha na kopo la mkaa la 2,000, anasema gesi ni ya matajiri. Mwingine anasema mtungi wake unakaa mwezi na nusu, bila kutaja kwamba maharage na maji ya kuoga vinapikwa kwenye mkaa nyuma ya nyumba. Mwongozo huu ni wa kupima nyumbani kwako mwenyewe, kwa mzani, mpaka upate namba mbili tu. Ukishazipata hizo mbili, hesabu utaifanya hata ukiwa umesimama dukani.

Mfano nitakaoufuata ni wa nyumba ya watu watano jijini Dar es Salaam: wazazi wawili, watoto wawili wanaosoma na bibi yao. Asubuhi wanakunywa chai, mchana wanakula ugali na mboga, jioni wali au ndizi na kitoweo, maharage yanachemshwa mara tatu kwa wiki, na bibi na watoto wanaoga maji ya moto. Bei nilizotumia ni za mfano. Weka za mtaani kwako, njia haibadiliki.

Vitu vya kuwa navyo

Kitu cha lazima ni mzani. Ule wa kidijitali wa kuning'iniza, wanaopimia mizigo ya safari, unatosha kabisa: unabeba mpaka kilo 50, unaonyesha hata gramu kumi, na haugharimu sana. Mzani wa springi wa kilo 50 unafaa kwa mkaa, lakini kwa gesi ni butu mno, kwa sababu familia ya watu watano hutumia chini ya nusu kilo kwa siku na mshale wa springi hauwezi kukuonyesha tofauti hiyo vizuri.

Ongeza ndoo yenye kifuniko ya kutunzia mkaa, debe la bati lenye mfuniko wa kuzimia makaa, daftari, na kalamu iliyofungwa kamba karibu na jiko. Kalamu ikikaa chumbani hakuna atakayeandika.

Wiki mbili kwa wiki mbili, kwa chakula kilekile

Usipime mwezi mzima wa mkaa halafu mwezi mzima wa gesi. Katikati mvua itanyesha, mkaa utalowa na kupanda bei, au shule zitafunga na watoto watashinda nyumbani wakila mara nne. Pika wiki mbili kwa gesi peke yake, kisha wiki mbili zinazofuata kwa mkaa peke yake, na ratiba ya chakula iwe ileile. Kama Jumatatu ya kwanza mlichemsha maharage nusu kilo, Jumatatu ya zamu ya mkaa mchemshe nusu kilo ya maharage ya aina hiyohiyo. Maharage ya zamani yaliyokaa ghalani hayaivi kwa muda mmoja na mapya, na tofauti hiyo peke yake inaweza kuvuruga kipimo chote.

Siku wanayokuja wageni, iandike lakini itoe kwenye hesabu, kisha ongeza siku moja mwishoni. Na jambo moja lisimamiwe kwa ukali: katika wiki za gesi, jiko la mkaa lisiwashwe hata kwa maji ya kuoga. Hapo ndipo vipimo vingi vya nyumbani vinapoharibika. Gesi inasifiwa kwa kukaa sana, kumbe kazi nzito imefanywa na mkaa ambao haukuandikwa.

Kupima gesi

Kwenye shingo ya mtungi, au kwenye ule mkanda wa chuma unaoshikiwa, pamegongwa namba ikiwa na herufi TW au neno TARE. Huo ni uzito wa mtungi mtupu. Mtungi wa kilo 6 wenyewe huwa na uzito wa kilo saba na kitu, lakini haulingani na mwingine, kwa hiyo soma namba ya mtungi ulioushika wewe. Ukijazwa sawasawa, mzani unapaswa kusoma uzito huo kujumlisha kilo 6. Pima dukani kabla ya kulipa, kichomeo kikiwa kimetolewa. Mtungi wa TW 7.4 unaosoma 12.9 una kilo tano na nusu za gesi, na hiyo nusu kilo inayokosekana ni zaidi ya mapishi ya siku nzima. Muuzaji akikataa kupima, nunua kwa mwingine. Wakala wa Vipimo wapo kwa ajili ya malalamiko kama hayo.

Ukifika nyumbani, funga kichomeo kwenye mtungi, fungua valvu, paka povu la sabuni pale vinapoungana. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Ukisikia harufu, funga valvu, fungua milango na usiguse swichi ya umeme. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inakaa chini sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake haliiondoi.

Baada ya hapo andika uzito wa kuanzia, na baada ya wiki mbili upime tena mtungi ukiwa katika hali ileile, yaani kichomeo kikiwa kimetolewa kama mara ya kwanza. Katika nyumba yetu ya mfano, mtungi ulianza na 13.40 ukamaliza na 8.08. Zimetumika kilo 5.32 kwa siku 14, ambazo ni gramu 380 kwa siku. Kwa siku 30 ni kilo 11.4.

Kupima mkaa

Mkaa una mitego zaidi. Ukinunua gunia, pima mkaa wote, kwa mafungu kama unazidi uwezo wa mzani, kisha uchekeche. Tuseme gunia la shilingi 85,000 lina kilo 62, na chini yake mna kilo tano za chenga na vumbi visivyowaka kwenye jiko la kawaida. Umenunua kilo 57, na kila kilo imekugharimu shilingi 1,490. Ukinunua kwa kopo la 2,000 lenye kilo moja na gramu mia mbili, kilo inakuwa shilingi 1,667. Kopo la genge hili na la genge lile hayalingani, na lililobonyezwa chini linadanganya macho, kwa hiyo pima yaliyomo. Usihesabu makopo.

Utazame na ubora. Mkaa mzuri wa mti mgumu ni mzito mkononi, ukigonganisha vipande viwili unalia kama kigae cha chungu, na ukiwaka haurushi cheche nyingi. Ulioungua nusu una rangi ya kahawia ndani na unatoa moshi. Uliolowa unaongeza uzito wa kulipia, halafu unakula moto wake wenyewe kukausha maji kabla sufuria haijapata kitu. Kama umenunua wakati wa mvua, uanike juani siku mbili kabla ya kuupima.

Kila asubuhi pima ndoo ya mkaa, tumia humo tu, jioni pima tena. Makaa yaliyobaki jikoni baada ya chakula cha jioni yatie kwenye debe la bati, funika mpaka yafe, na asubuhi yarudishe kwenye ndoo kabla ya kupima. Usiyazime kwa maji, maana utakuwa umeyarudisha kwenye ule mkaa uliolowa. Kwa nyumba yetu inayotumia jiko la udongo, wiki mbili zilikula kilo 23.8, sawa na kilo 1.7 kwa siku na kilo 51 kwa mwezi. Anayetumia jiko la bati lisilo na udongo atarajie zaidi ya hapo, kwa sababu joto jingi linapotelea ubavuni.

Namba mbili zinazoamua

Namba ya kwanza ni uwiano wa jikoni kwako: kilo za mkaa gawanya kwa kilo za gesi. Hapa ni 51 gawanya kwa 11.4, karibu 4.5. Maana yake, katika nyumba hii kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo nne na nusu za mkaa.

Uwiano huo una sababu zake. Kilo ya gesi ina megajuli 45 hivi za joto, na kilo ya mkaa mkavu ina 28 mpaka 30. Lakini jiko la gesi linafikisha kwenye sufuria nusu ya joto hilo au zaidi kidogo, wakati jiko la bati linafikisha karibu sehemu moja ya tano na la udongo robo mpaka theluthi. Ukizidisha utapata kwamba kilo ya gesi ni sawa na kama kilo mbili na nusu mpaka nne za mkaa. Kinachoupeleka uwiano mpaka 4.5 ni saa za kungoja: mkaa unawaka wakati unasubiri ukolee, na unaendelea kuwaka wakati mnakula. Gesi unaifunga.

Namba ya pili ni bei ya kilo moja ya mkaa mtaani kwako. Ukiwa nayo, chukua bei ya kilo ya gesi, igawanye kwa uwiano wako, upate bei ya mpaka. Mtungi wa kilo 6 kwa 25,000 ni shilingi 4,167 kwa kilo, na ukigawanya kwa 4.5 ni kama shilingi 930. Mkaa ukiuzwa zaidi ya 930 kwa kilo, nyumba hii inapata nafuu kwa gesi. Ukiuzwa chini ya hapo, nafuu iko kwenye mkaa.

Kwa Dar es Salaam ya mfano wetu, mkaa wa kopo ni 1,667, yaani uko mbali sana juu ya mpaka. Mwezi wa mkaa wa kopo unafika shilingi 85,000, wa gunia 76,000, na wa gesi 47,500. Mtungi wa kilo 15 ukijazwa kwa 58,000 unashusha bei ya kilo mpaka kama 3,870, na mwezi unakuwa shilingi 44,000.

Niseme na hili, kwa sababu linaulizwa kila mara: kwa nini gesi isiwe rahisi wakati tuna gesi yetu Songosongo na Mnazi Bay? Gesi ya huko ni asilia, karibu yote ni methani, na hupita kwenye bomba. Iliyo kwenye mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani unaoletwa kwa meli kutoka nje. Ndiyo maana bei ya mtungi hufuata soko la dunia na thamani ya dola, na ndiyo maana hesabu ya bei ya mpaka inafaa kurudiwa kila bei inapobadilika. Uwiano wako hauhitaji kupimwa upya maadamu majiko na vyakula ni vilevile.

Chai na maharage

Jumla ya mwezi inaficha jambo ambalo mpishi anapaswa kulijua: si kila chakula kinashinda kwa kiasi kilekile. Pima chakula kimoja kimoja angalau mara moja. Kwa gesi, pima mtungi kabla na baada ya pishi. Kwa mkaa, pima ulioweka toa uliobaki.

Chai ndiyo inayomtia hasara mwenye mkaa. Kuchemsha lita mbili za maji kwa gesi, sufuria ikiwa imefunikwa, ni kazi ya gramu 30 hivi, na ukiongeza maziwa na kungoja majani yakolee ni kama 40. Hiyo ni shilingi 167. Kwa mkaa, huwezi kuwasha jiko kwa vipande vitatu. Unaweka kama gramu 400, unapepea, unangoja dakika kumi na tano au ishirini, maji yanachemka upesi, watoto wanakunywa na kukimbilia shule, na makaa yanabaki yakiwaka peke yake. Ni shilingi 667. Uwiano wa chai ni kumi kwa moja! Mahali popote nchini ambapo gesi inapatikana kwa bei ya kawaida, ni nadra mkaa kushinda kwenye chai, uji wa mgonjwa, mayai, au kupasha kiporo.

Maharage ni kinyume. Wengi wanaamini maharage yanamaliza gesi, na wana haki kama wanayapika kwa moto mkali mwanzo mpaka mwisho. Kichomeo cha kawaida kikifunguliwa chote kinakula kama gramu 200 kwa saa. Maharage yasiyolowekwa yakichukua saa mbili, umetumia gramu 400, yaani gesi ya siku nzima kwenye sufuria moja, shilingi 1,667. Mkaa wa kazi hiyo ni kama gramu 800 kwenye jiko la udongo, shilingi 1,333. Hapo mkaa umeshinda hata Dar es Salaam.

Lakini maji yakishachemka hayapandi joto zaidi kwa kuongeza moto. Sufuria inayotokota kwa kishindo na ile inayotokota taratibu ziko kwenye joto lilelile, na maharage yanaiva kwa muda uleule. Kishindo kinapoteza maji tu, ambayo utayaongeza na kuyachemsha upya. Kwa hiyo: moto mkali mpaka yachemke, kama dakika ishirini, kisha shusha mpaka povu linatembea tu juu ya maji, na ufunike huku umeacha upenyo mdogo. Moto huo mdogo unakula kama gramu 60 kwa saa. Jumla inakuwa gramu 165, shilingi 690 hivi, karibu nusu ya mkaa.

Ukiyaloweka usiku kucha na kumwaga maji ya kulowekea, muda unapungua zaidi. Sufuria ya presha inaleta matumizi mpaka kama gramu 80. Na kwa walioko nyanda za juu kama Mbeya, ambako mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye kama nyuzi 94 badala ya 100, kwa hiyo maharage yanachelewa kuiva na uwiano wao hautafanana na wa pwani. Huko sufuria ya presha inasaidia kuliko mahali pengine.

Mkaa nao una haki yake, na lazima iandikwe: yale makaa yanayobaki baada ya chakula cha jioni yanachemsha maji ya kuoga bila kuongeza mkaa mpya. Kwenye gesi maji hayohayo yanakula kama gramu 50 kila siku, kilo moja na nusu kwa mwezi. Kwenye gramu 380 za kila siku za nyumba yetu, hizo 50 zimo.

Dalili kwamba kipimo kinakudanganya

Kama gesi yako inatoka zaidi ya nusu kilo kwa siku kwa watu watano, usikimbilie kusema gesi ni ghali. Kwanza tazama rangi ya moto. Moto wa bluu ndio sahihi. Ukiwa wa njano na sufuria zinapata masizi, tundu za kichomeo zimeziba kwa chakula kilichomwagika au njia ya hewa imezibwa na vumbi na buibui. Gesi haiungui yote, na inatoa hewa yenye sumu. Funga valvu, kipoze, kisugue kwa brashi, zibua tundu kwa sindano.

Kisha tazama upepo. Jiko la juu ya mtungi likiwekwa barazani, upepo unasukuma moto nje ya sufuria. Weka kinga ya bati upande unakotoka upepo, mbali kidogo na mtungi wenyewe ili usipate joto. Halafu tazama ukubwa wa sufuria: moto ukionekana unapanda ubavuni, hiyo ni gesi ya kupasha hewa. Usiku, kabla ya kulala, funga valvu ya mtungi, kisha upime hapohapo na upime tena asubuhi. Mzani ukionyesha pungufu hata valvu ikiwa imefungwa, mtungi unavuja kwenye valvu na urudishwe dukani.

Kwa mkaa, namba ikipanda ghafla katikati ya wiki mbili, mara nyingi ni mkaa wa gunia jipya ulio laini au uliolowa, au mtu mwingine nyumbani anajaza jiko mpaka juu kwa chakula kidogo. Mpishi wa zamu zote mbili awe mmoja ikiwezekana. Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata likionekana limekaribia kufa. Hata makaa yasiyo na moshi yanatoa monoksidi ya kaboni, hewa yenye sumu isiyo na harufu, ile inayoua watu usingizini.

Gharama zisizo kwenye mzani

Hizi zipite haraka, kwa sababu ni ndogo kuliko zinavyosemwa. Upande wa mkaa kuna jiko la udongo: likiwa la 15,000 na likadumu mwaka, ni 1,250 kwa mwezi, na mafuta ya taa au karatasi za kuwashia. Upande wa gesi kuna mtungi na kichomeo vya kuanzia. Kama seti ya kilo 6, ukitoa gesi iliyomo, ni 25,000, nyumba yetu inayookoa kama 37,500 kwa mwezi dhidi ya mkaa wa kopo inairudisha ndani ya mwezi wa kwanza. Ya kilo 15, pamoja na regulata, mpira na jiko la mezani lenye vichomeo viwili, tuseme 120,000, inarudi kwa kama miezi mitatu. Mpira wa gesi ukikakamaa au ukionyesha nyufa unapoukunja, ubadilishe bila kungoja.

Kikwazo cha kweli ni namna pesa inavyoingia nyumbani. Anayelipwa kwa siku ana 2,000 leo, hana 25,000. Mkaa unamkubalia, gesi haimkubalii, hata kama mwisho wa mwezi mkaa umemla zaidi. Dawa yake ni kibubu chenye hesabu. Gawanya 6 kwa matumizi yako ya siku: kwa gramu 380, mtungi unakaa karibu siku 16. Gawanya 25,000 kwa 16, unapata kama shilingi 1,600. Hizo ndizo za kutumbukiza kila siku tangu siku mtungi umejazwa, na ni pungufu ya shilingi 2,800 ambazo nyumba hiyohiyo ingelipa kwa kopo. Mtungi wa kwanza ndio mgumu. Kikundi cha upatu kinaweza kuutatua, kila mwanachama akipewa seti kwenye zamu yake badala ya pesa taslimu.

Pima mtungi kila Jumapili, utajua siku ya kuisha mapema. Mtungi unaoishia saa mbili usiku, kibubu kikiwa na pesa ambazo hukuzipeleka dukani, utakurudisha kwenye kopo.

Mkaa ukiwa rahisi: hesabu ya kuchanganya

Sasa tuihamishe nyumba ileile kwenye mji mdogo ulio karibu na misitu. Mkaa huko tuuweke 700 kwa kilo, na mtungi wa kilo 6, kwa sababu ya usafiri, 27,000, yaani 4,500 kwa kilo. Bei ya mpaka ni 4,500 gawanya kwa 4.5, shilingi 1,000. Mkaa uko chini yake. Mkaa peke yake ni 35,700 kwa mwezi, gesi peke yake ni 51,300. Kumwambia mama wa nyumba hii kwamba gesi itamwokolea pesa ni kumdanganya.

Lakini pitisha chakula kimoja kimoja kwenye bei hizo. Chai kwa mkaa ni 280, kwa gesi 180. Ugali na mboga vya mchana, gramu 450 za mkaa, ni 315, na kwa gesi gramu 100 ni 450. Maharage kwa mkaa ni 560, kwa gesi ya moto mdogo 740, lakini kwa gesi na sufuria ya presha ni 360. Basi chai iende kwenye gesi, maharage yaende kwenye gesi kwa presha, na ugali, wali na maji ya kuoga vibaki kwenye mkaa.

Matumizi ya gesi yanakuwa gramu 40 za chai kila siku, kilo 1.2 kwa mwezi, na kama kilo moja ya maharage: takriban shilingi 10,000. Mkaa unapungua kilo 12 za chai na kilo 10 za maharage, unabaki kilo 29, shilingi 20,300. Jumla ni 30,300, pungufu ya mkaa mtupu kwa zaidi ya 5,000 kila mwezi, na asubuhi hakuna anayepepea jiko kabla ya shule. Mtungi wa kilo 6 kwa matumizi hayo unakaa zaidi ya miezi miwili na nusu, kwa hiyo cha kutumbukiza kwenye kibubu ni kama shilingi 330 kwa siku.